Nguo yenye dawa ya mbu: uliza kwanza inastahimili kufuliwa mara ngapi

Neti imetusaidia sana Pwani, lakini humlinda aliyelala. Bawabu anayekesha getini Nyali hana neti. Mvuvi anayeshusha samaki Gazi kabla ya jua kuchomoza hana neti, wala mgema aliye juu ya mnazi magharibi inapoingia. Na mbu wa homa ya dengi hangoji usiku. Huyu mwenye madoa meupe miguuni huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuchwa, na Mombasa inamjua vizuri: dengi ilitupiga mwaka 2013 na 2014, ikarudi 2017 na 2021, na katikati yake, mwishoni mwa 2017 hadi 2018, ikaja chikungunya iliyowaacha watu na viungo vinavyouma miezi kadhaa.

Kwa hiyo mwajiri anayefikiria kuwanunulia wafanyakazi wake sare zilizotiwa dawa ya mbu, au msafiri anayetafuta shati la kuvaa akienda Tana au Boni, anafikiria jambo la maana. Tatizo huanza dukani. Muuzaji atasema nguo "ina dawa", mnunuzi ataridhika, na wote wawili hawatazungumzia lile beseni la kufulia ambalo nguo hiyo itaingia keshokutwa. Ulinzi wa nguo hizi huhesabiwa kwa idadi ya kufuliwa, na idadi hiyo hutofautiana mno baina ya nguo moja na nyingine.

Tuanze na dawa yenyewe. Inaitwa permethrini, na ni ndugu wa kutengenezwa kiwandani wa ile dawa inayotoka kwenye maua ya pareto ambayo wakulima wetu wa bara wamelima miaka mingi. Nguo iliyotiwa dawa kiwandani huwa na takriban gramu moja na robo ya permethrini kwa kila mita mraba ya kitambaa, yaani kama nusu asilimia ya uzito wa nguo. Ikishakauka haina harufu, wala huioni kwa macho. Mbu akitua juu yake, dawa humpata kupitia miguu, mishipa yake ya fahamu ikavurugika, naye huruka akaondoka au huanguka. Ngozi ya binadamu hunyonya kidogo sana, ndiyo maana nguo hizi huruhusiwa kuvaliwa kutwa nzima.

Dawa huingia kwenye nguo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kiwandani, ambako hushikishwa kwenye nyuzi za kitambaa. Nguo za aina hii zinazouzwa Marekani huandikwa kwamba zinafaa hadi kufuliwa mara 70, na sare za wanajeshi wao hukadiriwa mara 50. Njia ya pili ni ya nyumbani, kupulizia dawa ya asilimia 0.5 kwenye nguo uliyo nayo. Hii hukadiriwa wiki 6 au kufuliwa mara 6, lolote litakalotangulia. Waliokuwa wakichovya neti zamani wataielewa tofauti hii mara moja: neti ya kuchovya ilibidi irudiwe kila baada ya miezi, ilhali neti za siku hizi hupimwa ziwe bado na nguvu baada ya kufuliwa mara 20.

Sasa, hizo namba za kwenye kibandiko ni za mashine na maabara. Maisha ya nguo mwilini mwa mtu ni mengine, na mfano mzuri unatoka mashariki mwa Thailandi. Mwaka 2012 watafiti walitia permethrini kwenye sare za wanafunzi wa shule kadhaa, wakalinganisha na wenzao waliovaa sare za kawaida. Jumla walikuwa shule 10 na wanafunzi zaidi ya 1,800. Hoja yao ilikuwa nzuri: mbu wa dengi huuma mchana, na mchana mtoto yuko darasani na sare yake. Mwanzoni mbu walipungua kidogo ndani ya madarasa. Lakini kwa muhula mzima wa miezi mitano, vipimo vya damu havikuonyesha kwamba wenye sare za dawa walikingika dhidi ya dengi kuliko wenzao. Sababu waliyoiona watafiti ni kwamba dawa ilitoka upesi, baada ya kufuliwa mara nne tu. Sare ya shule katika nchi ya joto haikai siku mbili bila maji na sabuni.

Kwa upande mwingine, huko North Carolina, Marekani, wafanyakazi wa misituni na mbugani walivaa sare zilizotiwa dawa kiwandani, na mwaka wa kwanza kuumwa na kupe kulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mwaka wa pili kinga ikashuka sana. Dawa ilikuwa ile ile ya permethrini, ila watu, wadudu na ufuaji vilikuwa tofauti. Funzo ninalolichukua ni kwamba namba ya kwenye kibandiko ni kikomo cha juu, na ufuaji wetu ndio utakaoamua tutakaribia kikomo hicho au tutabaki nyuma sana.

Tuchukue bawabu mmoja wa Mombasa tupige hesabu. Anafanya kazi usiku sita kwa wiki, ana sare mbili, na kwa jasho la hapa kwetu kila sare hufuliwa ikivaliwa mara moja. Kila sare basi inafuliwa mara tatu kwa wiki. Ikiwa ilipuliziwa dawa nyumbani, mara 6 zimekwisha katika wiki mbili. Ikiwa ni ya kiwandani na tukakubali mara 70 bila kupunguza, ni wiki 23, kama miezi mitano na nusu. Na yakimtokea yaliyowatokea wale wanafunzi wa Thailandi, dawa imetoka kabla ya wiki ya pili kwisha. Mwajiri aliyenunua sare Januari akiamini zimemaliza mwaka, kuanzia katikati ya mwaka anamvisha mtu wake kitambaa cha kawaida chenye bei ya juu.

Dawa ya tatizo hili ni kubadilisha nguo inayotiwa permethrini. Jasho huingia kwenye nguo iliyo karibu na mwili, basi fulana ya ndani ibaki bila dawa na ifuliwe kila siku. Dawa itiwe kwenye nguo ya juu: koti jepesi la mikono mirefu, suruali ya kazi, kofia na soksi. Chupi na fulana za ndani hazitiwi dawa hata kidogo. Koti linalovaliwa juu ya fulana safi linaweza kukaa wiki nzima likianikwa tu lipate hewa. Yule bawabu wetu akiwa na koti linalofuliwa mara moja kwa wiki, mara 70 ni wiki 70, na hata mara 6 za dawa ya nyumbani zitampa zile wiki 6 kamili. Kitambaa kiwe kizito kidogo na kipwaye, kwa sababu mbu hupenya nguo nyembamba iliyobana.

Linapofika zamu ya kufuliwa, koti lifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida kidogo. Kulisugua kwa brashi juu ya jiwe, kulichemsha, au kulitia jiki, kote kunaharakisha kuitoa dawa. Dobi wa mashine za kemikali ndiye mbaya zaidi, maana kile kinachotoa mafuta kwenye suti hutoa na permethrini pia. Likauke kivulini, kisha likunjwe likae gizani, kwa kuwa jua kali nalo huila dawa polepole. Na kila likifuliwa, piga mstari kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa kola. Kwa dawa isiyoonekana wala kunuka, hiyo mistari ndiyo kumbukumbu pekee utakayokuwa nayo.

Nguo haiilindi ngozi isiyofunikwa. Mikono, shingo na vifundo vya miguu vinahitaji dawa ya kupaka, kama zile zenye diti ya asilimia 20 hadi 30. Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi tunaotawadha: udhu wa magharibi na wa isha huiosha dawa ya kupaka saa zile zile mbu wanapotoka. Pakaa tena baada ya swala. Nguo yenye dawa ina faida hapo, kwa sababu haiondoki na udhu.

Anayepulizia nyumbani aitundike nguo nje penye hewa, asimame mbali kiasi cha shibiri moja, apulizie pande zote mbili mpaka kitambaa kiwe na unyevu, kisha aiache saa mbili, au nne siku za unyevunyevu, kabla ya kuivaa. Asiipulizie ikiwa mwilini. Permethrini mbichi huua paka, na ni sumu kali kwa samaki na kamba, kwa hiyo mabaki yake, pamoja na maji ya kufulia, yasimwagwe ufukweni, kisimani wala mferejini unaoelekea baharini. Na asinunue dawa ya kuogeshea ng'ombe akaizimua mwenyewe. Ile ina nguvu nyingine na mafuta mengine yasiyofaa ngozi. Chupa iwe imeandikwa kuwa ni ya nguo, na iwe na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu.

Utajuaje kuwa imekwisha? Mwangalie mbu. Akitua kwenye mkono wa koti akatulia, akachomeka mdomo wake, dawa imeondoka. Lakini akifanya hivyo kwenye koti jipya, huenda lawama si ya kufua. Sehemu nyingi za Kenya zina mbu wa malaria waliozoea dawa za jamii hii, zile zile zilizo kwenye neti. Kwa hiyo koti lenye dawa haliondoi haja ya kumwaga maji yaliyotuama kwenye matairi na madumu, wala haja ya kupima damu homa inapoingia.

Kwa wanaonunua sare kwa jumla, iwe hoteli, kampuni ya ulinzi au kaunti, zabuni iandikwe kwa lugha ya beseni: dawa ilitiwa kiwandani au ilipuliziwa, imepimwa kufuliwa mara ngapi na kwa njia gani, na nani atalipia kutia dawa upya mistari ya kwenye kola ikifika idadi hiyo. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo matatu anauza makoti tu, na alipwe bei ya makoti.