Kliarensi si maksi: Uliza idara swali kamili kabla ya mahafali

Wengi wetu tukimaliza mtihani wa mwisho chuoni tunarudi nyumbani, kisha tunatumia idara barua pepe ya mstari mmoja: "Naomba kuanza kliarensi." Jibu likija, ni fomu tu. Kwa maoni yangu, hilo ni nusu ya swali.

Kliarensi inathibitisha kwamba hudaiwi: si kitabu cha maktaba, si ufunguo wa hosteli, si karo. Orodha ya mahafali inatoka kwingine. Idara inakusanya maksi zako za miaka yote, bodi ya mitihani inazikagua, kisha Seneti inaidhinisha majina. Unaweza kupigiwa mihuri yote na bado jina likose, kisa yuniti moja ya mwaka wa pili.

Chukua mfano wa msichana wa Kimulot, Bomet, ambaye mamake anategemea bonasi ya majani chai kulipa ada ya mahafali ya Desemba. Pesa hizo zikija karibu Oktoba, zinagombaniwa na mahitaji mengi. Tuseme shahada yake inahitaji yuniti 48 lakini tovuti ya chuo inaonyesha maksi za 46. Katika moja, maksi za majaribio zipo, za mtihani hazipo. Hapo huenda mhadhiri hakuwasilisha maksi au karatasi imepotea. Katika ya pili hakuna chochote, kwa hivyo aangalie kwanza kama alijisajili muhula ule.

Barua yake kwa mwenyekiti wa idara, nakala kwa mratibu wa mitihani, iwe hivi:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, nambari ya usajili ni hii. Naomba kuanza kliarensi na kuthibitishiwa yuniti zilizosalia kabla ya mahafali ya Desemba. Tovuti haionyeshi maksi za mtihani za BBM 215, muhula wa pili, mwaka wa pili. Nimeambatisha kadi yangu ya mtihani. Naomba pia idara ikague orodha ya mahudhurio niliyotia sahihi siku hiyo. Je, kuna yuniti nyingine inayokosekana? Bodi inakaa lini?"

Swali la tarehe ndilo zito, kwa sababu maksi zikifika baada ya bodi kukaa, huenda akangoja mahafali yanayofuata. Barua hiyo pia ina tarehe. Ukienda ofisini ukaambiwa "rudi wiki ijayo", hubaki na ushahidi wowote, na nauli imeisha.

Lakini mzigo huu usiwe wa mwanafunzi pekee. Idara ndiyo yenye rekodi. Mbona isimtumie kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho orodha ya yuniti zinazokosekana miezi miwili kabla ya bodi kukaa? Kumwacha agundue jina halipo wiki ya mahafali, joho limeshalipiwa na jamaa wamealikwa, ni kumwonea.