Usizike Mtu Ili Uahirishe Deti

Wanaume wa Osiri, tuwache kuua shangazi zetu kila Ijumaa.

Unajua meseji ninayosema. Deti ya kwanza ni kesho Homa Bay, mfuko umekauka, basi unaandika: "Aki sorry, tumepatwa na msiba. Tutapanga siku ingine." Huku kwetu Jumamosi ndiyo siku ya mazishi, kwa hivyo unaona uongo umekaa vizuri. Lakini matanga yana boma, yana tenti, yana watu wanaojuana. Atakuuliza kwa pole tu, "Mnazika wapi?" Hapo utajibu nini?

Ukweli wenyewe ni kwamba hujalipwa, na hilo si aibu. Kwa migodi ya Migori pesa haina tarehe. Mawe lazima yasagwe, yaoshwe, zebaki ishike dhahabu, iuzwe, halafu ndio mgawane. Foleni ya kusaga ikichelewa, na wewe umechelewa. Mtu yeyote aliyekulia hapa anaelewa hiyo hesabu. Asichoelewa ni kufichwa.

Sema hivi, na useme Ijumaa asubuhi, kabla hajalipia nywele:

"Habari ya asubuhi. Kesho saa tisa sitaweza. Mawe yetu bado hayajasagwa, kwa hivyo sijalipwa. Naweza kukuja Jumapili saa kumi tutembee kando ya ziwa, tununue mahindi choma. Itakufaa? Bado nataka kujua ile kesi ya landlord wako iliishaje."

Angalia vile imekaa. Sababu ni moja. Siku mpya ina saa na mahali, kwa sababu "tutapanga" humwachia yeye kazi yote ya kupanga. Ile kesi ya landlord inamwonyesha ulikuwa unamsikiliza, na haihitaji emoji kumi za kulia.

Lakini kitu kikubwa ni mahindi. Wengi husema ukweli vizuri, halafu wanaahidi samaki mzima Jumamosi ijayo, wakitegemea mawe yale yale. Yasipotoa kitu, utaahirisha tena, na mara ya pili hata ukweli husikika kama uongo. Panga deti ya pesa uliyo nayo leo, nauli ikiwa ndani.

Na kama ashapanda matatu kutoka Rongo, meseji imechelewa. Piga simu, ama uende tu.

Wengine watasema ukitaja pesa utamfukuza. Anaweza kwenda, ndiyo. Akijibu "sawa" peke yake, usimfuate na maelezo mengine matano. Akisema, "Jumapili niko kanisani, tufanye saa kumi na moja," basi bado anataka kuja. Lakini yule unayemshika kwa msiba wa uongo, siku ukizika mtu kweli, utamwambia nini?