Homa Bay Ziko Mbili, na Nafasi Tupu Ndiyo Inazitenganisha

Wasee, haya majedwali ya sensa tunayotumiana kwenye grupu yanatuchanganya, na shida si namba. Shida ni nafasi tupu.

Angalia sensa ya 2019. Jina la kaunti linaanza pembeni kabisa, halafu kaunti ndogo zake zinafuata chini, zimesogezwa ndani kidogo. Sisi wa Muhuru Bay tuko Nyatike, watu 176,162, ndani ya Migori yenye 1,116,436. Kwa macho unaelewa mara moja. Lakini mtu akihamisha jedwali kutoka PDF, ile nafasi hupotea kirahisi, na majina yote yanakaa kama ndugu wa rika moja.

Sasa cheki majirani wetu. Homa Bay ni kaunti yenye watu 1,131,950. Homa Bay pia ni kaunti ndogo yenye 117,439. Jina ni lile lile! Msee akigawanya basari ya kaunti nzima kwa ule mstari mdogo, ataonyesha kila mkaazi amepata karibu mara kumi ya ukweli. Na akijumlisha kolamu yote, anapata 2,263,900, kwa sababu kila mtu amehesabiwa mara mbili.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: usifute nafasi kabla hujaigeuza kuwa kolamu ya kaunti. Kama majina yako A na watu wako B, weka hii kwa C2 uivute chini:

```
=IF(LEFT(A2,1)=" ",C1,A2)
```

Maana yake ni rahisi. Jina likianza na nafasi, chukua kaunti iliyo juu yake. Lisipoanza na nafasi, lenyewe ndilo kaunti. Ukiona C inarudia A kila mstari, jua nafasi haikuja kama herufi ya kawaida, ilikuwa pambo tu. Hapo fungua PDF ujaze kwa mkono. Kaunti ndogo za Homa Bay ni nane tu, si kazi.

Kabla ya kupanga upya mistari, nakili C uibandike kama maandishi tu, juu fomula inategemea mstari wa juu na itaharibika. Kisha toa mistari ya kaunti, lakini andika jumla zake kando. Kaunti ndogo nane za Homa Bay zikijumlishwa lazima zirudi 1,131,950 kamili. Zisiporudi, kuna mstari umeingia kwa nyumba ya wenyewe.

Wengine wanalalamika eti kuandika kaunti mara nane kunachosha macho, na "Homa Bay, Homa Bay" inakaa vichekesho. Sawa, icheke. Lakini mtu akipiga picha mstari mmoja tu autupe kwa grupu, huo mstari bado utajua kwao ni wapi.