Mstari si Ukingo: Hewa Kifuani au Mkunjo wa Ngozi?

Alama ndefu inayoshuka upande wa nje wa pafu katika picha ya eksirei inaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Ya kwanza ni kwamba hewa imetoroka kutoka katika pafu na kukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, hali ambayo kitabibu huitwa numothoraksi. Ya pili ni kwamba ngozi ya mgongo ilijikunja mgonjwa alipoegemea bamba la kupigia picha. Hali ya kwanza huweza kuua. Ya pili si ugonjwa hata kidogo. Hata hivyo ripoti iliyoandikwa kwa haraka huweza kuziita zote mbili kwa jina moja, “mstari”, na kwa sababu ya neno hilo mgonjwa mwenye pafu zima akatiwa mrija kifuani. Neno hilo lapaswa kuwekewa mpaka.

Pafu limefunikwa na utando mwembamba. Kwa kawaida utando huo hauonekani katika eksirei, kwa kuwa umegusana na utando mwingine uliotandazwa ndani ya ukuta wa kifua. Hewa ikiingia kati ya tando hizo mbili, utando wa pafu huwa na hewa pande zote: hewa iliyomo pafuni upande mmoja, na hewa iliyotoroka upande wa pili. Hewa huonekana nyeusi, na utando ulio katikati huonekana mweupe. Ndiyo maana numothoraksi huchora mstari wa kweli, mweupe, mwembamba kama uliochorwa kwa ncha ya kalamu, wenye weusi pande zote mbili na unaofuata mviringo wa kifua. Nje ya mstari huo hapaonekani mishipa ya damu ya pafu, kwa sababu pafu halipo tena mahali hapo.

Mkunjo wa ngozi huumbika kwa njia nyingine. Mionzi hupungua kadiri tabaka la ngozi na mafuta linavyozidi kuwa nene, hivyo picha huwa nyeupe kidogo kidogo kuelekea nje, kisha weupe hukatika ghafla pale mkunjo unapokoma. Kinachoonekana ni ukingo wa eneo jeupe, si mstari. Jicho nalo huongeza udanganyifu: mahali ambapo weupe hukutana ghafla na weusi, msomaji huona uzi mweusi ambao haumo katika picha yenyewe. Jambo hilo lilielezwa na mwanafizikia Ernst Mach katika karne ya 19. Tena mishipa ya damu huendelea kuonekana nje ya ukingo huo, na ukingo wenyewe hauheshimu mipaka ya kifua: huweza kuvuka mbavu kuelekea kwapani, kushuka hadi tumboni, au kukatika ghafla katikati ya pafu.

Tuseme mzee wa miaka 78, mwembamba, mwenye ngozi iliyolegea, amelazwa kwa nimonia. Siku ya tatu anapigwa picha kitandani akiwa ameegemea mto, bamba likiwa limesukumwa nyuma ya mgongo wake. Upande wa kulia inaonekana alama inayoshuka wima kutoka karibu na mtulinga. Mzee anapumua mara 22 kwa dakika, oksijeni katika damu yake ni asilimia 94 kama ilivyokuwa jana, na shinikizo la damu ni la kawaida. Msomaji makini huikuza picha kwanza na kuuliza: je, kuna weusi pande zote mbili za alama, au upande wa ndani ni mweupe unaokolea? Kisha huifuata alama hadi mwisho wake, na kuona kwamba imepita chini ya kiwambo na kuingia eneo la tumbo, ambako pafu haliwezi kufika. Mwisho hutafuta mishipa ya damu nje ya alama, na kuiona. Majibu yote matatu yanaelekea kwenye mkunjo. Picha inarudiwa baada ya ngozi kunyooshwa, bamba kuwekwa upya na mzee kuketishwa wima kadiri awezavyo. Alama imetoweka.

Kama mzee huyo angetiwa mrija kabla ya picha ya pili, mrija ungeingia mahali ambapo pafu bado limegusa ukuta wa kifua. Hapana nafasi ya hewa ya kuupokea. Ungeweza kulitoboa pafu na kuanzisha numothoraksi ile ile iliyoogopwa.

Wapo wanaosema kwamba ni afadhali mrija usiohitajika kuliko numothoraksi iliyoachwa. Hoja hiyo ina uzito kwa mgonjwa anayezidiwa. Mtu anayehema kwa shida, ambaye shinikizo lake la damu linashuka na upande mmoja wa kifua chake hausikiki pumzi, hasubiri hata picha. Hewa hutolewa papo hapo. Lakini kwa mgonjwa aliye tulivu, dakika chache za kurudia picha hazimpunguzii usalama wowote.

Hofu yao ina ukweli mwingine usiopaswa kupuuzwa. Hewa hupanda juu, na kwa mgonjwa aliyelala chali, juu ni mbele ya kifua na karibu na kiwambo, si kileleni mwa pafu. Kwa hiyo picha ya mgonjwa aliyelala inaweza kukosa mstari kabisa ilhali hewa ipo. Pengine dalili pekee ni pembe ya chini ya kifua iliyo nyeusi na ya kina kuliko ya upande wa pili. Shaka ikibaki, altrasaundi kando ya kitanda husaidia. Pafu likionekana kuteleza dhidi ya ukuta wa kifua kwa kila pumzi, hakuna hewa kati yao mahali hapo palipopimwa. Kutoteleza peke yake hakuthibitishi numothoraksi, kwani pafu lililogandana na ukuta wa kifua nalo haliteleza.

Na hata mstari ukiwa wa kweli, maana yake ni moja tu: hewa ipo. Mstari hausemi kwamba mrija ni lazima. Utafiti uliofanyika Australia na Nyuzilandi, uliochapishwa mwaka 2020, ulihusu watu 316 waliopata numothoraksi ya ghafla ya ukubwa wa wastani au zaidi bila ugonjwa wa mapafu unaojulikana. Kati ya walioachwa chini ya uangalizi bila kutolewa hewa, takriban 85 katika kila 100 hawakuhitaji kutolewa hewa baadaye. Mgonjwa mwenye mapafu yaliyokwisha kuharibika, au anayepumuliwa kwa mashine, ni habari nyingine. Kwake hata hewa kidogo yaweza kuwa hatari.

Kwa hiyo ripoti ya eksirei iandike kilichoonekana kabla ya kuandika jina la ugonjwa: mstari au ukingo, umeishia wapi, mishipa ya damu inaonekana nje yake au haionekani, na mgonjwa alikuwa amelala au ameketi. Maneno hayo manne hayajazi hata mistari miwili ya karatasi. Mgonjwa aliye tulivu anayeambiwa kwamba atatiwa mrija naye ana haki ya kuuliza kama alama ile imethibitishwa kwa picha ya pili au kwa altrasaundi, na mhudumu hana sababu ya kuliona swali hilo kuwa utovu wa adabu.