Kikomo Chako cha Hasara Hakina Mnunuzi

Na Nafula Barasa

Huku Busia, na ng'ambo Tororo, nakutana na wafanyabiashara wengi walioweka akiba kwenye hisa za Nairobi. Wengi wana kanuni moja: hisa ikishuka asilimia 10, uza. Mwenye hisa za shilingi 200,000 za Kenya anaamini kwamba hasara haiwezi kuzidi 20,000. Nasema imani hiyo ni ya hatari, na hesabu ya jioni moja inatosha kuonyesha kwa nini.

Kikomo cha hasara kinakuambia lini uuze, hakikuletei mnunuzi. Soko la Nairobi haliruhusu bei ya hisa kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, isipokuwa kwa sababu maalumu. Habari mbaya ikitoka usiku, hisa ya shilingi 20 inaweza kufunguka asubuhi moja kwa moja kwenye 18, wauzaji wamejipanga na hakuna anayenunua. Kesho yake 16.20, keshokutwa 14.58. Ukifanikiwa kuuza siku hiyo ya tatu, umepoteza asilimia 27.

Kuna pengo baya zaidi. Wakulima wa miwa wa huku magharibi wanaikumbuka Mumias: kampuni ilikabidhiwa mrasimu mwaka 2019, hisa zikasimamishwa. Kenya Airways, iliyoorodheshwa pia Kampala na Dar es Salaam, ilisimamishwa Julai 2020 na kurudi sokoni Januari 2025. Katika muda huo kikomo kilikuwa maandishi tu.

Basi tuzipime zile 200,000. Tuseme 160,000 ziko Safaricom na KCB, na 40,000 kwenye kampuni ndogo yenye madeni. Kampuni ndogo ihesabu kuwa sifuri. Zile kubwa zikate asilimia 27.1. Unapoteza 40,000 na 43,360, jumla 83,360, mara nne ya ulichotarajia.

Halafu pima anguko refu. Kati ya mwanzo wa 2007 na Machi 2009 kipimo cha kampuni 20 za Nairobi kilitoka juu ya 6,000 hadi chini ya 2,500. Aliyeshikilia hadi mwisho alibaki na takriban 80,000. Mkazi wa Tororo apige hesabu hiyo kwa shilingi ya Uganda, maana ndiyo atakayolipia karo.

Kusogeza kikomo hadi asilimia 5 hakusaidii, kwa sababu bei inakiruka vilevile. Kinachosaidia ni kiasi. Kama huwezi kustahimili kupoteza zaidi ya 50,000, kampuni ndogo ibaki na 10,000, zile kubwa 145,000, na 45,000 ziende kwenye dhamana za serikali za muda mfupi. Rudia hesabu ya pengo: 10,000 na 39,295, jumla 49,295. Jaribio hilo halijui anguko lijalo litakuwa la namna gani. Siku tano bila mnunuzi zingekata asilimia 41. Ndiyo maana mimi huanza na siku tatu, kisha nazijaribu tano kabla ya kumpigia dalali.