Slimu, regula, ovasaizi: wauza mashati tupeni namba

Wadau, nina neno na wauza nguo wa mtandaoni, wale wa kuposti picha ya shati na kuandika chini yake "slimu, saizi zote zipo". Ukiuliza kifua chake sentimita ngapi, unajibiwa "bro, ni slimu, litakukaa". Hilo si jibu, ni kamari kwa hela ya mtu mwingine.

Tuanze na kitu kimoja ambacho mafundi wetu wanakijua vizuri. Shati halikatwi kwa kipimo cha mwili wako, linakatwa kwa kipimo hicho pamoja na nafasi ya kupumua na kunyoosha mikono. M, L na XL zinasema habari za ukubwa wa mwili. Haya maneno mengine yanasema habari za ile nafasi. Tatizo ni kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mwenye kiwanda kuweka nafasi fulani ndiyo aite slimu. Kila mmoja anaita anavyotaka, kwa hiyo slimu ya huyu inaweza kuwa regula ya yule.

Kwa makadirio tu, chukua mtu mwenye kifua cha sentimita 100 na shati la kitambaa kisichovutika. Slimu huongeza kama 8 hadi 10, regula 12 hadi 15, rilaksi 16 hadi 20, na ovasaizi kuanzia 22 kwenda juu.

Ila kifua peke yake kinadanganya. Jamaa yangu mmoja, kifua 100 na nyonga 106, aliagiza shati la slimu la kuvaa kwenye sendofu. Lilipofika tulilitandaza mezani tukapima kutoka kwapa hadi kwapa, tukapata 54. Mara mbili ni 108, yaani ana nafasi ya 8. Safi kabisa. Tukashuka kwenye pindo, tukapata 52, mara mbili ni 104. Nyonga zake ni 106! Shati limempungukia sentimita mbili pale chini, na hapo bado hajakaa kwenye kiti, maana ukikaa nyonga zinatanuka. Kweli alipolivaa juu lilikaa kama la mtangazaji wa tivii, kifungo cha mwisho kikavuta mikunjo kama herufi X. Ukiona hiyo X, usijidanganye kwamba litalegea ukilifua. Slimu nyingi huingia kiunoni na kubana hadi chini, kwa hiyo mwenye nyonga pana apime pindo kwanza, na angalau abakiwe na sentimita 4.

Twende begani, ambako ndiko watu wanaliwa sana. Kwenye slimu na regula, mshono wa bega unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Rilaksi huvuka kidogo. Ovasaizi mshono umeshushwa makusudi, unaangukia juu ya mkono kwa sentimita 4, 5 au zaidi. Ndiyo maana mkono wa shati la ovasaizi ukiupima mezani unaonekana mfupi: sehemu ya kazi yake imeshafanywa na bega. Shingo yenyewe haijaongezwa.

Sasa kijana wa saizi M ananunua XL ya regula akidhani amepata ovasaizi. Wapi! Kifua kimepanuka, sawa, lakini bega limesogea sentimita moja na nusu au mbili tu kila upande, si limeshuka wala si limekaa. Kola inapwaya, mikono inafunika vidole, pindo liko mapajani. Anaonekana kaazima shati la baba mdogo.

Boksi ni habari nyingine, na watu huichanganya na ovasaizi. Boksi ni umbo. Mishono ya ubavuni inashuka wima, pindo lina upana uleule wa kifua au karibu sawa, na shati ni fupi, linaishia karibu na mkanda. Mashati mengi ya kitenge tunayoshonewa mitaani yana ubavu wa namna hiyo, ila ni marefu zaidi. Kwa mwenye kitambi, kwa maoni yangu, boksi inamtendea haki kuliko slimu kubwa, kwa sababu haimbani chini. Mrefu mwembamba ajihadhari: akinyanyua mikono kwenye daladala, tumbo liko nje.

Kwa hiyo ndugu zangu wauzaji, posti inayofuata andikeni namba tatu: kwapa hadi kwapa, mshono wa bega hadi mshono wa bega, na upana wa pindo. Mnunuzi naye achukue shati lake analolipenda, alitandaze, alinganishe. Tepu ya fundi ni hela ndogo sana, na kupima hakumalizi dakika mbili.