Kitovu Kilichosahauliwa: Kusahihisha Hesabu za Kukuza na Kuzungusha Maumbo

Juma lililopita sajini mmoja alinijia na daftari la hesabu la binti yake, uso umemkunjamana. Binti alikuwa amechora pembetatu kwa rula, akaikuza mara mbili kama swali lilivyotaka, na mistari ilinyooka vizuri. Mwalimu alitia alama ya kosa. Sajini alikuwa amepima pande zote usiku uliotangulia akaona kila upande umeongezeka mara mbili barabara. “Sasa kosa liko wapi, mwalimu?” akaniuliza. Alikuwa ameshamwambia mtoto kwamba jibu ni sahihi.

Swali lilikuwa hivi. Pembetatu ina ncha A (2, 3), B (4, 3) na C (2, 6). Ikuzwe mara mbili, kitovu kikiwa P (1, 2). Binti alizidisha kila namba kwa mbili, akapata (4, 6), (8, 6) na (4, 12). Upande AB uliokuwa miraba 2 ukawa 4, na AC uliokuwa 3 ukawa 6. Ukubwa ni sawa kabisa, lakini umbo limekaa pasipo pake.

Kosa lake huonekana kwa rula tu. Shika rula, uunganishe A ya zamani na A mpya, kisha C ya zamani na C mpya, na kila mstari uurefushe kurudi nyuma. Mistari hiyo hukutana kwenye kitovu ambacho mtoto amekitumia, apende asipende. Ya binti huyu ilikutana (0, 0), mahali mistari mikuu ya grafu inapokatana. P haikuguswa.

Njia ya haki ni kuhesabu safari kutoka P. Kutoka P hadi A ni hatua 1 kwenda kulia na 1 kwenda juu. Ziwe 2 na 2, nawe utafika (3, 4). Kutoka P hadi B ni 3 kulia na 1 juu. Ziwe 6 na 2, utafika (7, 4). C nayo itaangukia (3, 10).

Liko kosa la pili ambalo ni ndugu wa hilo. Mtoto hukitambua kitovu, hupima kutoka P hadi A, kisha kuanzia A huongeza mara mbili ya umbali huo. A yake mpya huwa (4, 5). Hapo mistari yote hupita P vizuri, bali upande AB huwa miraba 6, kwa kuwa umbo limekuzwa mara tatu. Umbali hupimwa kuanzia kitovu, si kuanzia ncha ya zamani. Basi kipimo cha pande hakimfichui aliyekosea kitovu, na rula ya kuunganisha ncha haimfichui aliyekosea kiasi cha kukuza. Sajini alifanya kipimo kimoja akaridhika.

Katika kuzungusha, kupima pande hakusaidii kitu, maana ukubwa haubadiliki popote utakapozungushia. Hapo chukua bikari. Weka mguu wake kwenye P, ufungue hadi A, uuzungushe: A mpya sharti iwe juu ya duara hilo. A yetu ikizungushwa robo duara kinyume cha saa kwa kuzunguka P hufika (0, 3). Aliyezungushia (0, 0) ataiweka (-3, 2), miraba 4 kutoka P, hali A ya zamani haifiki hata mraba mmoja na nusu. Lakini bikari haijui upande. Aliyezungusha kwa kufuata saa naye atakuwa juu ya duara lile lile. Upande huo uangalie kwa macho.

Katika kuakisi, unganisha A na A mpya, utafute katikati yake. Katikati hiyo lazima iwe juu ya mstari wa kioo, na mstari uliounganisha ukikate kioo kwa pembe mraba. Kioo kikiwa mstari wa wima unaopita kwenye 1, A huenda (0, 3).

Msomaji makini ameshaona: ndipo pale pale ilipofika kwa kuzungushwa! Ndiyo sababu ncha moja haitoshi kusahihishia. Ijaribu B: ikiakisiwa huenda (-2, 3), ikizungushwa huenda (0, 5).

Sajini aliondoka na rula yangu. Ameahidi kuirudisha Jumamosi.